Kwa nini 384? Swali dogo la siku ya kutetea tasnifu

"Kila kitu nimekiandika kwenye Sura ya Tatu, na tasnifu wamekaa nayo wiki kadhaa. Mbona siku ya kutetea bado wananiuliza kwa nini sampuli yangu ni watu 384?"

Kwa sababu tasnifu inaonyesha namba tu, haionyeshi nani aliichagua. Mtahini ameshaiona. Anachotafuta ni kama uliamua mwenyewe, au namba ilihama kimyakimya kutoka kwenye tasnifu ya aliyekutangulia ikatua kwako.

Mimi nililielewa vingine kabisa. Nilipokuwa najiandaa kutetea yangu, niliamini kwamba anayeuliza kilichoandikwa hajasoma, kwa hiyo dawa yake ni kumsomea. Alipouliza, nikamshushia ukurasa mzima kwa kichwa: jina la mwenye kanuni, mwaka, Z ni nini, p ni nini. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo lilelile kwa maneno mengine. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya juu kidogo. Mara ya tatu akasema, "Haya, tuendelee," nami nikatoka pale nikijiona nimeshinda. Orodha ya masahihisho ilipokuja, kipengele cha kwanza kilikuwa ukubwa wa sampuli. Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja: swali likirudi limebadilisha nguo, halijajibiwa.

Nadhani neno lenyewe, kutetea, ndilo linalotuponza. Mtu akilisikia anawaza mahakama, kwamba kuna mashtaka na kukubali lolote ni kushindwa. Basi anajiandaa kukanusha. Mtahini akisema sampuli ina udhaifu, mtahiniwa anakimbilia kuthibitisha kwamba haina. Lakini hakuna utafiti usio na udhaifu, na aliyeishi nao mwaka mzima bila kuuona udhaifu wake anatia shaka kuliko aliyeuona akautaja. Mazungumzo yale yanafanana zaidi na ya mwenye mtumbwi anayeulizwa mbona nyavu zake zina matundu ya kipimo hiki. Haambiwi ameiba nyavu. Anaulizwa alikuwa anawinda samaki gani, na samaki gani waliopenya.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu: mwenyekiti, watahini, msimamizi wako akiwa kimya pembeni, wasilisho fupi la slaidi, kisha maswali. Vyuo hutofautiana, kwa hiyo soma mwongozo wa chuo chako. Turudi kwenye 384, maana huko ndiko kwenye uhondo.

Namba hii utaikuta kwenye tasnifu za malaria, za benki, za walimu na za wavuvi. Inatoka hapa:

```
n = Z² × p × (1 − p) / e²
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16
```

Z ya 1.96 ni kiwango cha uhakika cha asilimia 95, na e ni ukingo wa makosa unaoukubali, hapa asilimia 5. Yenye maneno ni p, yaani sehemu ya watu unaodhani wana hilo unalolipima. Ukiandika 0.5 hujasema kwamba nusu ya watu wanaumwa. Umefanya kama fundi cherehani ambaye mteja hakuja kupimwa, akaamua kukata kitambaa cha kumtosha mnene kuliko wote. Hakuna p inayodai watu wengi kuliko nusu. Kama ungekuwa na sababu ya kuamini ni asilimia 30, kanuni hiyohiyo ingekuomba watu 323 tu. Kwa hiyo 384 ni namba ya mtu aliyekosa makadirio ya awali akajikinga, na hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali. (Hesabu ikitoka 384.16 inatakiwa kupandishwa kuwa 385, kwa sababu 384 haijafika. Sijawahi kuona mtu akiangushwa kwa hilo, ila ukiulizwa usishtuke.)

Kuna kioja kingine. Wanaotafuta ukubwa wa sampuli kwa kanuni ya Yamane, kwa jamii yenye watu wengi sana, hupata karibu 400, na nimewahi kusikia wanafunzi wawili wakibishana ipi ni sahihi. Ni kanuni moja. Yamane aliipandisha 1.96 ikawa 2.

Nusu ya pili ya swali ndiyo inayozamisha mitumbwi. Tumchukue binti wa jirani yangu wa Nyegezi, ambaye nilimsaidia kufanya mazoezi. Namba zake nimezirahisisha. Alipima kichocho cha tumbo kwa wavuvi wa dagaa 384, katika mialo 12 ya Ziwa Victoria, wavuvi 32 kila mwalo. Kwenye karatasi, 12 mara 32 ni 384, mambo safi. Shida ni kwamba kanuni ile inadhani kila mvuvi ameokotwa peke yake kutoka kwenye ziwa zima. Yeye aliwaokota kwa mafungu.

Ukitaka kuona kwa nini hilo ni tatizo, nenda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukanunue dagaa. Kuna magunia mengi, na unataka kujua kama mzigo una mchanga. Ukichota kiganja kimojakimoja kutoka magunia 32, umejifunza jambo kuhusu mzigo. Ukichota viganja 32 kutoka gunia moja, umejifunza sana kuhusu gunia hilo na kidogo mno kuhusu mengine, kwa sababu dagaa wa gunia moja huenda walianikwa mahali pamoja. Kiganja cha pili kinakwambia karibu yaleyale ya kiganja cha kwanza. Wavuvi wa mwalo mmoja nao ni hivyohivyo: wanaingia maji yaleyale. Pale ambapo ufukwe una konokono wanaobeba vimelea, wengi wanaambukizwa, na pale ambapo hawapo wengi wanasalimika. Watu 32 wa mwalo mmoja si mashahidi 32 kamili.

Wanatakwimu hupima kufanana huko kwa namba kati ya 0 na 1, kisha hutafuta sampuli imepungua thamani mara ngapi. Chukua watu wa fungu moja, toa mmoja, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza 1. Tukiweka kufanana kwa 0.05, ambako kwa macho ni kudogo:

```
1 + (32 − 1) × 0.05 = 2.55
384 / 2.55 ≈ 150.6
```

Wavuvi 384 wa binti yule walikuwa na uzito wa wavuvi 150 hivi waliochaguliwa mmojammoja, na ukingo wake wa makosa ulikuwa karibu asilimia 8, si 5. Angetaka 5 kwa mpangilio uleule wa 32 kwa kila mwalo, angehitaji wavuvi wapatao 980. Jambo hili linaitwa athari ya muundo wa sampuli, na aliyelipa jina hilo ni Leslie Kish, mwanatakwimu mwenye asili ya Hungaria, mwaka 1965.

Hapo ndipo ninapocheka, tena kwa kujicheka. Tasnifu kadha wa kadha za afya Afrika Mashariki huandika kwamba kanuni ya 384 ni ya "Kish na Leslie (1965)". Kish na Leslie ni mtu mmoja, jina la ukoo na la kwanza. Tumempasua vipande viwili, tukamnukuu kwa kanuni isiyo yake peke yake, na onyo alilolibeba yeye kuhusu mafungu tukaliruka. Mimi pia nilimwandika hivyo.

Sasa mazoezi. Jibu la kwanza la binti, nililolirekodi kwa simu juu ya meza ya sebuleni, lilikwenda dakika 3 na ushee. Lilianza na historia ya kanuni, na sababu ilijitokeza dakika ya pili. Nikamwambia ageuze: uamuzi kwanza, sababu yake, mpaka wake, kisha anyamaze. Kunyamaza kulimsumbua kuliko takwimu. Mtahini akiinamia karatasi kuandika, ukimya ule unamkaba mtu, naye anaujaza kwa sentensi ambayo hakuipanga, na hiyo ndiyo inayozaa swali linalofuata. Tulifanya kwa Kiswahili kwanza, ingawa angetetea kwa Kiingereza, maana Kiingereza kinamruhusu mtu kupita juu ya asichokielewa kwa kutaja istilahi yake tu. Baada ya mara nne au tano jibu likawa hivi, sekunde 40 na kidogo:

"Mwenyekiti, sikuwa na makadirio ya kuaminika ya maambukizi kwa wavuvi wa dagaa, hivyo nilitumia nusu, inayodai sampuli kubwa kuliko zote, na ukingo wa makosa wa asilimia 5. Kanuni hiyo inadhani kila mvuvi amechaguliwa peke yake. Mimi niliwachukua kwa mialo 12. Nikichukulia kufanana kwa 0.05 ndani ya mwalo, ukingo wangu unapanuka hadi karibu asilimia 8. Matokeo yanatosha kusema ugonjwa ni mwingi kwa wavuvi hawa. Hayatoshi kusema mwalo huu umeuzidi ule."

Maswali mengine tuliyatabiri kwa njia hiyohiyo: kila penye namba au jina la kipimo kwenye Sura ya Tatu, tuliuliza mbona si kingine. Alikuwa ametumia Kato-Katz, kipimo ambacho kibao chake hubeba miligramu 41.7 za choo, ndiyo maana yai moja la kichocho linaloonekana kwenye darubini huhesabiwa kuwa 24 kwa gramu. Mwenye mayai machache kuliko hapo anaweza kupita akionekana mzima, hasa ukipima choo cha siku moja tu. Jibu lake likafuata njia ileile: alikichagua kwa sababu kinahesabu mayai na maabara za huku zinakimudu, na kiwango alichokipata kisomwe kama cha chini kuliko hali halisi.

Siku yenyewe swali la 384 lilikuwa la pili. Alijibu, akanyamaza. Mtahini akaandika kwa muda, akainua kichwa na kuuliza, "Na hiyo 0.05 umeitoa wapi, dada?"

Lilikuwa swali jipya, si lile la kwanza lililobadilisha nguo. Akasema ni dhana yake, kwa kuwa mialo 12 ni michache mno kuikadiria vizuri, akachomoa karatasi aliyoikunja ndani ya tasnifu. Alikuwa amepiga hesabu mara mbili zaidi: kwa 0.02 ukingo unakuwa asilimia 6.4, kwa 0.10 unafika 10. Mtahini akaiomba ile karatasi.