Alama ya ≥ haisemi "juu ya mstari"

Kila mwaka kidato cha nne wanapofika kwenye maswali ya kutafuta faida kubwa kwa grafu, kauli ileile inarudi: "≥ tia kivuli juu, ≤ tia kivuli chini." Nimeikuta tena juzi, imeandikwa kwa wino mwekundu na kuzungushiwa kisanduku ndani ya jalada la daftari. Mwenye daftari akanieleza, "Mwalimu, tuisheni ndivyo tulivyofundishwa, na inakubali."

Inakubali kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kanuni ambayo ingegoma kila siku ingekuwa imeshatupwa. Hii inakubali kwenye masharti kama 2x + 3y ≤ 60, ambayo ndiyo yanayojaa kwenye mazoezi ya mwanzo, halafu inamwangusha mtoto kwenye swali la mtihani, kwenye sharti moja tu kati ya matano, na hana habari kwamba ameanguka.

Tuchukue swali lenyewe. Fundi seremala anatengeneza viti na meza. Kiti kinakula ubao 1 na saa 3 za kazi. Meza inakula mbao 3 na saa 4. Ana mbao 45 na saa 100. Mteja wake hataki meza zibaki bila viti, kwa hiyo kila meza lazima iwe na viti visivyopungua viwili. Faida ni shilingi 8,000 kwa kiti na 20,000 kwa meza. Viti tuviite x, meza tuziite y. Masharti yanakuwa x + 3y ≤ 45 kwa mbao, 3x + 4y ≤ 100 kwa saa, na x ≥ 2y kwa viti na meza, pamoja na x ≥ 0 na y ≥ 0.

Mbao na saa hazina shida. Mstari wa mbao unapita (45, 0) na (0, 15), mstari wa saa unapita (33⅓, 0) na (0, 25), na upande unaotakiwa uko chini ya yote miwili. Chora, endelea.

Sasa x ≥ 2y. Mstari wake unapita (0, 0) na (20, 10). Mwenye kisanduku chekundu anaona ≥, anachukua eneo la juu ya mstari. Eneo la juu lina nini? Lina nukta (0, 10): meza 10, kiti hata kimoja hakuna. Hicho ndicho mteja alichokataa. Eneo linalotakiwa liko chini ya mstari, ijapokuwa alama ni ≥.

Sababu ni nyepesi. "Juu" na "chini" kwenye karatasi ni habari za y peke yake. Kwa hiyo alama inaweza kukuambia juu au chini pale tu y inapokuwa imebaki peke yake upande wa kushoto, bila kutoa mbele yake. Ukiandika x ≥ 2y kwa namna hiyo unapata y ≤ x/2, na alama imegeuka. Wanaopitia x − 2y ≥ 0 wanafika −2y ≥ −x, wanagawanya kwa −2 na kusahau kugeuza alama, kisha wanapata y ≥ x/2 na kuirudia kanuni yao wakiwa na uhakika maradufu. Kwenye 2x + 3y ≤ 60 namba iliyo mbele ya y ni chanya, kwa hiyo kanuni ilibahatika.

Wengine wamefundishwa kupima kwa nukta (0, 0), na hiyo ni njia nzuri hadi mstari unapopita kwenye (0, 0) yenyewe. Hapa unaweka sifuri na sifuri, unapata 0 ≥ 0, ambayo ni kweli, na mwanafunzi anaandika "kweli" kisha anachagua upande anaoupenda. Nukta iliyo kwenye mstari wenyewe haiwezi kukuambia lolote kuhusu pande zake mbili. Tumia (10, 0): 10 ≥ 0, kweli, na nukta hiyo iko chini ya mstari. Basi upande ni huo.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi kosa hili linavyojificha. Mwanafunzi aliyekosea upande anabaki na pembetatu safi kabisa yenye kona (0, 0), (0, 15) na (18, 9). Anapima faida: (0, 15) inatoa 300,000, na (18, 9) inatoa 144,000 + 180,000, yaani 324,000. Anaandika viti 18 na meza 9. Ukilipima jibu hilo kwenye masharti yote, linapita! Viti 18 kwa meza 9 ni viwili kwa kila meza, mbao ni 45, saa ni 90. Linapita kwa sababu kona ile iko kwenye mstari wenyewe, na mstari ni wa pande zote mbili. Kwa hiyo ule ushauri wa "rudisha jibu lako kwenye masharti" haumwokoi.

Eneo sahihi lina kona nne: (0, 0), (18, 9), (24, 7) na (33⅓, 0). Kwenye (24, 7) faida ni 192,000 + 140,000, yaani 332,000. Fundi amepoteza shilingi 8,000 kwa kivuli kilichotiwa upande usiofaa.

Kuna dalili moja ambayo ningependa kila mtu aizoee. Kwenye ile pembetatu isiyo sahihi, mstari wa saa haugusi eneo popote. Uko mbali, haufanyi kazi. Mtunzi wa swali ametaja saa 100 na kukupa saa za kila kifaa, halafu habari yote hiyo haina athari? Simama hapo. Sisemi kila sharti lisilogusa eneo ni kosa. Katika kazi halisi za uzalishaji masharti ya namna hiyo ni ya kawaida, na hata mtunzi wa mtihani anaweza kuliweka moja kwa makusudi. Lakini ni sababu tosha ya kukagua pande zote upya kabla ya kwenda kwenye kona.

Ukaguzi ninaoutegemea ni huu: weka ncha ya penseli katikati ya eneo ulilolipata, mbali na mistari yote, usome nukta iliyo hapo, kisha uipeleke kwenye maneno ya swali. Kwenye eneo sahihi unaweza kudondokea (10, 2): viti 10, meza 2, mbao 16, saa 38, na kila meza ina viti vya kutosha. Kwenye eneo lisilo sahihi utadondokea kitu kama (4, 8): meza 8 na viti 4. Mtoto yeyote anayejua meza ni nini ataona kuna shida.

Nimesema maneno ya swali, sikusema alama. Hili watu wanalipita haraka. Wanafunzi wengi husoma "viti viwili kwa kila meza" wakaandika 2x ≥ y, kwa sababu "viwili" kimekaa karibu na "viti" kwenye sentensi. Ukiipima (4, 8) kwa alama hiyo unapata 8 ≥ 8, inapita. Ukiipima kwa maneno, haipiti. Na jambo la kukasirisha ni kwamba kwa faida ya 8,000 na 20,000, mwenye 2x ≥ y anafika palepale, (24, 7) na 332,000, kwa sababu eneo lake lililotanuka bado lina kona ileile na ndiyo inayoshinda. Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho tu atampa vema. Mimi ningemkata alama za sharti na za eneo, na ningetaka ajue kwa nini.

Kuhusu kivuli chenyewe: walimu na vitabu havikubaliani. Wengine hutia kivuli upande unaotakiwa, wengine usiotakiwa. Kwa kazi ya mkono natia usiotakiwa, kwa vistari vifupi kandokando ya mstari, sentimita moja hivi. Ukitia upande unaotakiwa kwa masharti matano, unachotafuta kinazama chini ya tabaka tano za penseli. Ukitia usiotakiwa, eneo lako ndilo lililobaki jeupe. Ila andika kwenye karatasi kivuli chako kina maana gani, maana wapo wanaotia kivuli namna moja kwa masharti mawili na namna nyingine kwa yaliyobaki, kisha wanashangaa eneo limepotea.

Kona usizisome kwa macho tu. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa vizio 5, milimita moja ni nusu kiti. Penseli butu na rula iliyoteleza kidogo zinakupa (23.5, 7.2) mahali pa (24, 7). Grafu ikuambie mistari gani miwili inakutana. Namba zipate kwa kutatua milinganyo yao kwa pamoja.

Limebaki jambo ambalo mazoezi mengi hulikwepa kwa kuchagua namba nzuri. Tuseme faida ya kiti imepanda hadi 16,000 na ya meza imebaki 20,000. Sasa kona inayoshinda ni (33⅓, 0), na theluthi ya kiti haiuzwi. Karibu kila mtu anashusha hadi (33, 0) na kuandika 528,000. Lakini (32, 1) inatumia saa 96 + 4, yaani 100 kamili, mbao 35, na inatoa 532,000. Kushusha kona hadi namba kamili hakutoi jibu bora kwa lazima. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mwanahisabati Mmarekani Ralph Gomory alipotoa njia yake ya kulitatua mwaka 1958, ilibidi aongeze masharti mapya yanayokata kona zenye sehemu bila kuiondoa nukta hata moja ya namba kamili.

Kwenye karatasi ya grafu sina njia fupi ya kumpa mwanafunzi zaidi ya kuweka alama kwenye nukta zote za namba kamili zilizo karibu na kona na kuzipima moja moja, na nakiri kwamba sijui daima "karibu" iishie wapi. Kwa swali hili tunaweza kuthibitisha: kona yenyewe inatoa 533,333 na kidogo, na faida yoyote ya viti na meza kamili hapa inagawanyika kwa 4,000. Baada ya 532,000 inayofuata ni 536,000, ambayo tayari imepita kona, kwa hiyo hakuna nukta inayoweza kuishinda (32, 1).