Chupa ya chumvi mezani: dhana potofu katika kukagua mpangilio wa kipindi

Karatasi iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa ya kipindi cha nusu saa kwa wakulima wa mahindi wa Dodoma, mada ikiwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Ukitoa matangazo ya biashara, zinabaki dakika 28. Mtayarishaji, binti mwenye bidii, alizigawa hivi: kiashirio, yaani muziki wa kufungulia kipindi, na salamu dakika 3, afisa ugani dakika 11, wimbo dakika 4, mkulima dakika 3, simu za wasikilizaji dakika 5, hitimisho dakika 2. Hesabu ilikuwa sawa. Kipindi ndicho kilichokuwa bado.

Nitakitumia hicho kujibu mambo ninayoyasikia kila mara watu wanapokagua mipangilio, iwe ya redio au ya podikasti.

Dhana: Mwanzo mzuri ni sentensi kali au swali la kushtua

Karatasi ile ilianza na "Je, wajua kwamba chakula unachokula kinaweza kukuua?" Ukisikia swali la namna hiyo mara tano kwa wiki, halikushtui tena. Tena halimlengi mtu yeyote. Chakula gani? Cha nani?

Nilipouliza kama hana kingine, alinionyesha takwimu: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya kwenye mahindi na 125 kati yao wakafariki. Ni kweli, na ni nzito. Lakini mama anayepepeta mahindi Kongwa ataisikia kama habari ya mbali na ya zamani, aendelee kupepeta. Namba kama hiyo hufanya kazi msikilizaji akishajua inamhusu vipi, kwa hiyo niliisogeza katikati.

Ukweli ni kwamba mwanzo unaomshika mtu ni deni. Unamfanya atake kujua jambo moja mahususi, na kipindi kinapaswa kumlipa kabla hakijaisha. Ndiyo maana mkaguzi hatafuti ukali wa maneno. Funika karatasi yote kwa kiganja, acha dakika ya kwanza tu ionekane, kisha jiulize: msikilizaji sasa anataka kujua nini? Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja, mwanzo haupo. Ukiweza, ondoa kiganja utafute deni hilo linalipwa dakika ya ngapi. Mara nyingi utakuta halilipwi popote, au linalipwa dakika ya 3 na baada ya hapo hakuna cha kumshikilia mtu.

Mara nyingi pia mwanzo halisi umeshaandikwa, ila umefichwa ndani. Katika karatasi ile nilikuta nafasi mbili za mwanzo. Ya kwanza ilikuwa kwenye sehemu ya mkulima, dakika ya 18: anaeleza jinsi alivyoyaosha mahindi yaliyoota ukungu, akayasaga na kupika ugali, akiamini moto unaua kila kitu. Ya pili ilikuwa nusu mstari ndani ya maelezo ya afisa ugani: "pia tutaeleza kipimo cha chumvi".

Kipimo hicho ni rahisi. Unachukua chupa kavu inayoonyesha ndani, unatia mahindi kama gramu 250 na vijiko vikubwa viwili vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa dakika moja, kisha unaiacha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, uko chini ya hapo.

Dakika 15! Kwa mtu wa redio hiyo ni zawadi. Kina mlio, kina kusubiri, na jibu linakuja lenyewe nusu ya kipindi ikiwa imepita. Tikisa chupa mbele ya maikrofoni kipindi kinapoanza, mwambie msikilizaji mahindi haya yamenunuliwa sokoni Kibaigwa jana na hatujui kama ni makavu, iweke mezani. Atakayeondoka, ataondoka akiwa na deni lake.

Hapo redio na podikasti zinatofautiana kidogo. Wa podikasti amechagua mwenyewe, ameshasoma kichwa cha habari, kwa hiyo dakika 3 za salamu na kutambulishana zinamchosha tu. Wa redio anaweza kufungua dakika ya 9, chupa imeshatikiswa zamani. Kwake deni lazima lirudiwe kwa sentensi moja kila baada ya sehemu: "Chupa yetu bado iko mezani, ina dakika 7." Ukikagua mpangilio wa redio, weka alama kila mahali ambapo mtu aliyechelewa anaweza kuingia. Ukikosa hata mahali pamoja, rudisha karatasi.

Dhana: Sehemu zenye uwiano ni sehemu zenye dakika sawa

Kuna waliofundishwa kugawa nusu saa mara nne na kumaliza. Sikio halisikii dakika, linasikia mabadiliko. Dakika 11 za sauti moja ya mtaalamu ni ndefu hata akiwa hodari wa kueleza, na dakika 6 za mkulima anayesimulia alichokiona kwake hazisikiki kama 6.

Ninapokagua uwiano, pembeni mwa kila sehemu ninaandika vitu viwili: swali moja ambalo sehemu hiyo inajibu, na sauti inayosikika. Sehemu ya afisa ugani ilijaza mstari wangu: sumukuvu ni nini, kuvu inaotaje, kwa nini kupika hakusaidii, kukausha, kuchambua, mifuko ya kuhifadhia, kipimo cha chumvi. Maswali saba, sauti moja. Sehemu ya mkulima ilikuwa na swali moja zuri na dakika 3, ambazo zingeisha akiwa bado anasema jina la kijiji chake.

Tulifanya hivi. Mkulima alipewa dakika 6. Afisa ugani tulimgawa: dakika 5 za kueleza kwa nini kupika hakusaidii, kisha mapumziko mafupi, kisha dakika 3 za kukausha. Kuchambua na mifuko vikaenda kipindi cha wiki inayofuata. Binti alisikitika. "Lakini kaka, mifuko ni muhimu." Ni muhimu, ndiyo maana haistahili sekunde 40. Wimbo wa dakika 4 ukawa kipande cha dakika 1, maana wimbo mzima katikati ya kipindi cha maelezo ni mlango uliowekwa wazi.

Simu za wasikilizaji nazo zina hesabu yake. Kila simu, ukiweka "haloo, haloo, punguza sauti ya redio yako", hula kama dakika nzima na zaidi. Dakika 5 ni watu watatu. Tulizifanya 7.

Dhana: Viunganishi ni kazi ya mtangazaji, vitajileta studioni

Havijileti. Kinachojileta ni "tukiachana na hilo", "tukisonga mbele" na "bado tuko na mgeni wetu". Mtangazaji mzoefu huvisema kwa sauti tamu, lakini havifungi kitu na kitu. Tena hilo la kuachana linamwambia mtu kabisa kwamba alichokisikia kimekwisha, anaweza kwenda zake.

Kiunganishi kibovu kwa kawaida ni dalili ya mpangilio mbovu. Jaribio langu ni la kubadilishana viti: chukua sehemu mbili zinazofuatana, zigeuze, usome upya. Kama hakuna kilichoharibika, sehemu hizo hazishikani, zimewekwa tu jirani, na hakuna sentensi ya mtangazaji itakayozishona. Neno pekee linaloingia kati yake ni "pia". Sehemu zinazoshikana huita "lakini" au "kwa hiyo".

Karatasi ya kwanza ilishindwa jaribio hili moja kwa moja. Mkulima angeweza kutangulia au kufuata, hakuna ambaye angejua. Katika mpangilio mpya mkulima anaanza, na maneno yake ya mwisho ni kwamba alijua moto unaua kila kitu. Hapo mtangazaji anamgeukia afisa ugani kwa swali moja: je, unaua? Jibu: moto unaweza kuua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki, ugali wa kawaida hauiondoi. Hapo ndipo habari ya mwaka 2004 inapoingia, pamoja na ya mwaka 2016, watu walipougua na kufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo kinga ni kabla ya jikoni, yaani kukausha. Lakini utajuaje yamekauka? Chupa.

Kwa hiyo ninadai viandikwe. Si hotuba, mistari miwili tu kwa kila mpaka: sentensi ya mwisho ya sehemu inayoisha na ya kwanza ya inayoanza. Kabla ya matangazo, "baki nasi" haitoshi. Andika atakachokosa akiondoka.

Dhana: Muda utajirekebisha hewani

Utajirekebisha kwa kukata mwisho, na mwisho ndipo malipo yalipo. Soma viunganishi kwa sauti saa ikiwa mkononi, kisha weka alama kwenye kitu kimoja kinachoweza kuachwa bila kuumiza kipindi. Kwetu kilikuwa kile kipande cha wimbo. Chupa haikatwi.

Mpangilio uliotoka: dakika 0 hadi 1 chupa inatikiswa, sauti fupi ya mkulima juu yake, hadi 2 kiashirio na utambulisho, hadi 8 mkulima, hadi 13 afisa ugani, hadi 14 wimbo, hadi 17 kukausha, hadi 19 chupa, hadi 26 simu, hadi 28 hitimisho. Chupa inatulia kuanzia dakika ya 1, kwa hiyo kufikia ya 17 imeshapata dakika zake 15 na ziada kidogo.

Yalibaki marekebisho mawili. Msikilizaji haoni chupa, kwa hiyo dakika ya 17 tuliandika kabisa kwamba mtangazaji aeleze anachokiona: chumvi iko wapi, imeganda au inateleza. Na afisa ugani aseme mpaka wa kipimo chenyewe, kwamba chumvi isipoganda maana yake ni chini ya asilimia 15 tu, wakati mahindi ya kuweka ghalani hutakiwa yafike kama 13, hivyo yarudi juani kidogo.

Binti aliuliza tufanye nini chumvi ikiganda hewani, mahindi yakiwa ya sokoni. Nikamwambia aandike viunganishi viwili kwa dakika ya 19, kimoja cha ikiganda na kingine cha isipoganda, na swali la simu libadilike kufuatana na hicho.