Kisawe hakitoshi

"Nikibadilisha kila neno kwa kisawe chake, si nimeshaandika kwa maneno yangu?"

Bado. Chukua sentensi hii: "Mvua kubwa ilipofunga barabara ya Jangwani, mwendokasi ulisitisha safari, na abiria wengi wakatembea kutoka Magomeni hadi Kariakoo." Mtu wa visawe ataandika: "Mvua nyingi ilipoziba njia ya Jangwani, mwendokasi ulisimamisha safari..." Mifupa ni ileile, shati tu limebadilishwa. Tena mvua kubwa si lazima iwe mvua nyingi. Mkazi wa Dar anajua.

Soma mara mbili, funika karatasi, kisha andika kama unayemsimulia jirani. Mimi huanzia mwisho: "Abiria wengi walitoka Magomeni hadi Kariakoo kwa miguu, maana Jangwani palijaa maji na mwendokasi haukupita." Tokeo limetangulia, sababu ikafuata.

Halafu funua ulinganishe. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "abiria walitoka Magomeni". "Wengi" lilidondoka, ikawa kana kwamba wote walitembea.

Muhtasari ni kazi nyingine: "Maji Jangwani yalikatiza safari za mwendokasi, wengi wakatembea." Magomeni na Kariakoo nimeziacha makusudi.