Marejesho ya 147 kwenye kadi ya 174

Mama mmoja alikuja ofisini kwa chama chetu cha akiba na mikopo mwanzoni mwa Juni na barua yetu mkononi. Barua ilimwambia kwamba hajarejesha mkopo kwa miezi mitatu, na nakala zilikuwa zimeshafika kwa wadhamini wake wawili. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida. Akafungua mkoba, akatoa risiti tatu zilizobanwa kwa pini ya nywele, akazipanga mezani: Machi, Aprili, Mei.

"Mhazini mwanangu, hizi nimejiandikia mimi?"

Risiti zilikuwa zetu, zina muhuri wetu, na namba yake ya uanachama, 147, inasomeka vizuri. Alikopa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalobaki. Kila mwezi anapunguza 100,000 ya mkopo wenyewe, na riba juu yake. Machi alilipa 115,000, Aprili 113,500, Mei 112,000, sawasawa na ratiba tuliyompa. Lakini kadi yake ya mkopo ilikuwa imesimama tangu Februari kwenye salio la 1,000,000, na chini yake karani ameandika faini kwa wino mwekundu.

Kilichonichanganya ni kwamba urari wa Mei niliusaini mwenyewe, na ulikubali. Akaunti ya mikopo kwenye leja kuu ililingana na jumla ya kadi zote, shilingi kwa shilingi. Baadaye nikaona kwa nini. Fedha iliyotoka kwenye mkopo wa mwanachama mmoja ikaangukia mkopo wa mwanachama mwingine haibadilishi jumla hata senti. Ingeandikwa safu ya mikopo kwenye daftari la fedha kisha ikaingizwa kwenye kadi ya akiba, jumla zingepishana na tungeiona mwezi uleule. Kosa la kadi kwa kadi, urari haulijui.

Basi nikaanza na risiti. Namba ya risiti ya Machi nikaitafuta kwenye daftari la fedha. Jina sahihi, kiasi sahihi, lakini kwenye safu ya kadi pameandikwa 174. Tarakimu mbili zimepishana. Mwanachama 174 ana jina la kwanza na la baba kama la huyu mama, kwa hiyo karani alipofungua kadi hakuona kitu cha kumshtua. Aprili na Mei hakusoma namba kwenye risiti. Alitazama mstari wa mwezi uliopita akanakili. Kosa la siku moja likawa la miezi mitatu.

Nilipoiweka kadi ya 174 mezani, ilikuwa inajieleza yenyewe. Naye hupunguza 100,000 kwa mwezi, kwa hiyo riba yake inatakiwa kushuka kwa 1,500 kila mwezi. Yeye ilishuka kwa 3,000: Februari 16,500, Machi 13,500, Aprili 10,500, Mei 7,500. Salio lilisomeka 400,000 wakati alitakiwa kudaiwa 700,000.

Karani alitaka kukata mistari ile na kuandika upya. Nilikataa. Mstari ulioandikwa hubaki, na masahihisho hupita kwenye hati ya jarida: debiti kadi 174 shilingi 300,000, krediti kadi 147 shilingi 300,000, na namba za risiti tatu kama ushahidi. Mhasibu akaiandaa, meneja akaidhinisha. Riba ya 40,500 aliyolipa mama ilikuwa imeingia kwenye mapato ya riba inakostahili, kwa hiyo kwenye leja kuu hatukuigusa. Tuliihamisha kwenye kadi tu. Faini tukaifuta kwa hati yake peke yake, na wadhamini wakaandikiwa barua ya pili. Hiyo ya wadhamini watu huisahau, na ndiyo inayomuuma mwanachama zaidi.

Ikabaki 9,000. Ndiyo riba ambayo 174 alilipa pungufu, kwa sababu sisi tulimhesabia juu ya salio la uongo. Nilimpigia simu kabla ya kumpelekea karatasi yoyote. Akacheka. "Nilikuwa najiuliza mbona deni linakwisha haraka, nikasema labda chama kimetubariki." Bodi iliamua asidaiwe ile 9,000, maana kila mwezi alilipa kiasi tulichomtajia. Nilikubaliana nao, ingawa mhasibu bado ananuna.

Kuoanisha jumla tunaendelea nako, lakini sasa kila mwisho wa mwezi naomba pia orodha ya kadi zilizopokea rejesho zaidi ya moja. Kadi ya 174 ingetokea humo tangu Machi. Kila iliyotokea tunaifuatilia hadi kwenye risiti, na namba husomwa na mtu mwingine, si aliyeiingiza. Orodha ya Julai ilikuwa na kadi tatu, na zote zilikuwa za wanachama waliouza mahindi wakalipa miezi miwili kwa mpigo.