Vumbi, tope na jua kali: dhana zinazoharibu picha ya trekta

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa 10, muuza matrekta mmoja wa Tabora mjini aliniita nimpigie picha za brosha yake. Jalada alilitaka liwe na trekta linalolima huku vumbi likifuka na jua likiwa kali. "Kaka, njoo saa 6 mchana," akaniambia, "jua likiwa limeiva." Nilimheshimu nikaenda. Picha zile hazikutumika hata moja, na sababu zake ndizo nimeziona zikirudiwa na wauzaji na wapiga picha wengi wa huku kwetu.

Dhana: jua la mchana ndilo linalofanya mashine ing'ae

Tabora ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu kabisa juu ya utosi. Tena halifiki hapo saa 6 kamili kama wengi wanavyodhani. Kwa kuwa tuko magharibi ya nchi na saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, jua la utosini huku hulikuta saa 6:37 hivi. Wakati huo mwanga wote unaanguka juu ya boneti na paa la kebini. Boneti inakuwa nyeupe kama karatasi, rangi yake haionekani, na kila kilicho chini yake, yaani ekseli, ngazi, plau na nusu ya tairi, kinazama kwenye kivuli cheusi. Kwa ekskaveta ni vibaya zaidi, maana ndani ya kijiko panakuwa giza tupu na mkono wake unaiangushia kebini kivuli. Mteja anayefungua brosha anataka kuona hasa vile vitu vilivyofichwa.

Jua linalofaa ni lile lililoshuka. Siku zile lilikuwa linazama saa 12:40 jioni. Huku kwetu huteremka wima, nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukianza saa 10:40 linakuwa nyuzi 30 juu ya upeo, na saa moja baadaye limebaki nyuzi 15. Hapo mwanga unaingia kwa ubavu, unapita chini ya madigadi na kuchora kila jino la tairi. Una muda wa saa moja na nusu hivi, basi. Jioni ya huku haingoji mtu.

Dhana: vumbi likiwa jingi, litaonekana lenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Siku ya kwanza trekta lilitimua vumbi hadi tukakohoa, lakini kwenye picha likatoka kama doa la kijivu lililochafua anga. Kosa halikuwa la vumbi. Jua lilipoanza kushuka, nilisimama likiwa mgongoni kwangu, kama tulivyofundishwa wote tulipoanza kushika kamera.

Chembe za vumbi hutawanya sehemu kubwa ya mwanga kwenda mbele, kule unakoelekea, na kidogo tu hurudi ulikotoka. Ndiyo maana vumbi la chumbani hulioni mpaka mwale wa jua upenye dirishani nawe uwe upande wa pili wake. Shambani ni hivyo hivyo: vumbi linapaswa kuwa kati yako na jua. Likikaa hapo, linawaka kama moshi wa dhahabu, na ukingo wa trekta unajichora wenyewe mbele yake.

Sasa angalia upepo. Kiangazi cha Tabora upepo wake kwa kawaida hutoka mashariki. Jioni jua liko magharibi. Ukisimama upande wa mashariki wa trekta, upepo unalisukuma vumbi mbali nawe, linakwenda nyuma ya mashine na kusimama mbele ya jua. Lenzi inabaki safi, opereta anaonekana, na vumbi liko mahali pake. Asubuhi mambo yanageuka: ili jua liwe nyuma ya vumbi itakubidi usimame magharibi, na vumbi lote utalila wewe na kamera yako. Wengi hupenda asubuhi kwa sababu ya ubaridi wake. Kwa picha ya vumbi, mimi nachagua jioni.

Siku ya pili tulifanya hivyo, kwenye shamba lililo njia ya Urambo. Nilisimama kusini-mashariki ya trekta, nikaacha jua libaki nje ya fremu upande wa kushoto, na nikamwomba opereta alime akielekea kusini-magharibi, ili pua ya trekta ipate jua la moja kwa moja. Ubavu ulionielekea ulikuwa kivulini, ila udongo wa pale ni wa kichanga na mweupe, ukarudisha mwanga wa kutosha kutoka chini. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama wa Igunga, msaada huo haupo. Kama trekta limesimama, watu wawili washike shuka jeupe pembeni.

Tatizo moja lilibaki. Kamera ikiona vumbi linalong'aa hudhani picha nzima imezidi mwanga, inaipunguza, na trekta linatoka jeusi. Niliongeza mwanga kwa hatua moja, yaani +1, nikakubali anga ipauke kidogo. Nusu ya picha nilizopiga kabla ya kugundua hilo nilizitupa.

Na lenzi usiibadilishe shambani. Vumbi likishaingia kwenye kihisi, kila picha inayofuata itakuwa na madoa mahali palepale. Likikaa kwenye kioo cha lenzi, lipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira; ukifuta na kitambaa, mchanga utakikwaruza kioo.

Dhana: mwendo wa shata ukiwa wa kasi zaidi, picha ni bora zaidi

Kwa 1/2000 ya sekunde trekta linalolima linaonekana limeegeshwa. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ndani ya 1/125 linasogea sentimita 1.3 tu, na ukilifuata kwa kamera linabaki kali wakati meno ya tairi yanaonyesha mzunguko kidogo. Mimi hukaa hapo.

Dhana: tope likiwa jingi, mashine inaonekana ya kazi

Tulipofika kwenye ukurasa wa tope, kijana wa duka alishika ndoo na kuanza kulirushia trekta tope mlangoni na kwenye boneti. Opereta, mzee aliyeendesha matrekta miaka mingi, alisimama akatikisa kichwa. "Mwanangu, hilo tope limetoka wapi?"

Shikamoo yangu nilimpa mara ya pili kwa swali hilo. Tope la kweli hupanda kutoka kwenye tairi. Linajaa katikati ya meno, linaganda ndani ya madigadi, linachirizika chini ya ngazi. Juu ya kitasa cha mlango halifiki kwa mtindo ule. Mkulima anayenunua trekta analijua hilo kabla hajasoma bei.

Tuliosha trekta lote, tukaacha rangi, taa na namba ya modeli zikiwa safi, kisha mzee akaliendesha kwenye kingo za bwawa la mifugo mara tatu. Kwa jua lile tope lilianza kupauka upesi, na tope kavu linasema mashine imetelekezwa, kwa hiyo tulikuwa tukilinyunyizia maji kabla ya kila picha. Tope likilowa linameta kupita kiasi. Filta ya polaraiza iliupunguza mmeto huo, hasa pale jua lilipokuwa ubavuni kwangu.

Kijana alitaka pia tulizamishe hadi ekseli. Mzee akakataa, nami nikamuunga mkono: lile ni trekta la kuendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma. Kuliweka jaladani katikati ya kinamasi ni kumwahidi mkulima kitu ambacho haliwezi; lingemkwamia mvua za kwanza za Novemba.