Kufupisha slaidi za picha tupu: kinachoonekana, unachokisia, kisichojulikana

Kuna zile slaidi unatumiwa unafungua unakuta picha tupu, grafu haina namba, mshale mwekundu unaelekea pembeni, basi. Halafu mtu anakwambia nifupishie hii. Shida ni kwamba hazikutengenezwa zisomwe, zilitengenezwa mtu asimame mbele aongee, na maneno yote alikuwa nayo yeye mdomoni. Kwa hiyo ukifupisha ripoti unapunguza maneno, ila ukifupisha slaidi za hivi unaongeza maneno ambayo hayakuwepo, na kila neno uliloongeza ni lako wewe, sio la mtoa mada. Ndo maana muhtasari wa aina hii lazima useme wazi lipi limeonekana, lipi umekisia na lipi halijulikani.

Chukua mfano wa slaidi yenye picha mbili za mlima zilizopigwa kutoka juu, ya kushoto imeandikwa 1993 kilele cheupe kabisa, ya kulia 2000 weupe umebaki vipande vipande. Hakuna kichwa cha habari. Wengi wataandika: "Slaidi inaonyesha barafu ya Kilimanjaro ilivyoyeyuka ndani ya miaka 7 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi." Sentensi tamu, lakini karibu yote haimo kwenye slaidi. Nani kasema ni Kilimanjaro? Nani kasema weupe ule ni barafu? Ukitazama kutoka juu, theluji iliyodondoka juzi nayo ni nyeupe. Na kweli kuna picha maarufu za setilaiti za Landsat za Kilimanjaro, moja ya 17 Februari 1993 nyingine ya 21 Februari 2000, zimezunguka sana mtandaoni, na ile ya 1993 ina theluji nyingi ya msimu, so sehemu kubwa ya tofauti unayoiona pale sio barafu ya kudumu iliyopotea. Hata "kuyeyuka" ni dai, maana kule juu barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji.

Hapa ndo watu wanateleza: barafu ya Kilimanjaro kweli inapungua, mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 zilikuwa hazifiki 2. Hitimisho linaweza kuwa sahihi lakini picha hizo mbili zisiwe ushahidi wake, na wewe kwa kuwa unajua jibu unaona kama slaidi ndo imekwambia.

Mimi ningeiandika hivi: "Picha mbili za mlima kutoka juu, 1993 na 2000, weupe kileleni ni mdogo kwenye ya pili. Nakisia ni Kilimanjaro, kwa sababu ya umbo la kreta, na slaidi iliyotangulia ni ramani ya kaskazini mwa Tanzania. Nakisia pia mtoa mada alitaka kuonyesha barafu inapungua. Haijulikani kama weupe ni barafu ya kudumu au theluji, wala alitaja sababu gani. Nje ya slaidi: picha zinafanana na zile za Landsat za Februari 1993 na Februari 2000."

Ona kila kisio kimebeba sababu yake, hivyo msomaji anaweza kukikataa bila kuutupa muhtasari mzima. Ukimwaga "huenda" kila sentensi hujasaidia kitu, msomaji hawezi kujua ipi ina uzito. Na kwenye yasiyojulikana weka yale tu ambayo yangebadilisha hitimisho, nani alipiga picha kwa kawaida haina haja.

Ila kabla hujaandika haijulikani, chimba faili kwanza. Fungua sehemu ya Notes chini ya slaidi, wengine wameandika hotuba nzima mle. Angalia na Alt Text ya picha, japo hiyo usiiamini haraka, PowerPoint yenyewe huwa inaweza kuijaza. Faili la .pptx ni zip tu, unaweza kulichungulia:

```
unzip -l mada.pptx
```

Ukiona `ppt/notesSlides/` ujue huenda kuna noti za kusoma, na ndani ya `ppt/media/` kuna picha zenyewe. Picha iliyokatwa kwenye slaidi mara nyingi mle bado iko nzima, na kile kipande kilichofichwa ndo unakuta kina tarehe au jina la chanzo. Ukikipata hapo kisio chako kinahamia kwenye yanayoonekana, lakini andika umekitoa wapi, kwa sababu waliokaa ukumbini hawakukiona. Kama umepewa PDF, noti mara nyingi hazimo, hapo mtumie mtoa mada swali moja fupi: weupe wa slaidi hii ni barafu au theluji?