Mstari ulionyooka ndani ya A*: dhana potofu na ukweli wake

Programu inayotumia A*, algorithimu ya kutafuta njia bora kwenye ramani, ikitafuta njia kutoka Tanga mjini hadi Pangani hupima pia umbali wa mstari ulionyooka, ule ambao ndege angeupita. Wengi wakisikia hivyo hushangaa: mstari huo unakata mashamba na vijito, dereva ataufuata vipi? Kutoka kwenye mshangao huo huzaliwa dhana kadhaa, na baadhi zimewafanya watu waandike programu zinazotoa njia isiyo sahihi bila wao kujua.

Dhana: A\* hudhani barabara inaufuata mstari.

Haidhani hivyo. Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael walipoichapisha mwaka 1968, kila kituo cha njia, ambacho kwetu ni makutano ya barabara, kilipewa alama hii:

```
f(n) = g(n) + h(n)
```

Hapo `g` ni gharama ambayo tayari imehesabiwa barabarani, kutoka mwanzo wa safari hadi makutano hayo. `h` ni makisio ya gharama iliyobaki. Programu huchagua makutano yenye `f` ndogo kuliko yote yanayosubiri kwenye foleni ya kukaguliwa, huyafungua, huwaongeza majirani wake kwenye foleni, kisha hurudia hadi lengo lenyewe litoke kwenye foleni.

Mstari unaingia kwenye `h` kwa sababu moja: hakuna barabara fupi kuliko mstari ulionyooka. Kwa hiyo unatupa kiwango cha chini kabisa cha safari iliyobaki, na hatuuombi zaidi ya hapo. Ukishajua kwamba kupitia makutano fulani hakuwezi kuchukua chini ya dakika 110, na tayari unayo njia kamili ya dakika 90, huna haja ya kuyafungua. Ndiyo maana utafutaji kutoka Tanga kwenda Pangani haupotezi muda kukagua barabara zinazoelekea Horohoro, kaskazini, ilhali Pangani iko kusini. Tena makisio haya ni rahisi mno: latitudo na longitudo za sehemu mbili zinatosha, pamoja na hesabu fupi inayozingatia mviringo wa dunia.

Dhana: kilomita za mstari zinatosha hata kama unatafuta njia ya haraka.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukitafuta njia fupi, `g` ni kilomita na `h` ni kilomita, basi mambo yako sawa. Ukitafuta njia ya haraka, `g` ni muda, kwa hiyo `h` nayo lazima iwe muda:

```
h(n) = umbali_wa_mstari(n, lengo) / mwendo_wa_juu
```

Mwendo wa juu hapo ni ule wa barabara ya haraka kuliko zote kwenye ramani yako nzima. Ukisahau kugawanya, kosa linalotokea hutegemea kipimo cha muda ulichotumia. Kama `g` iko kwa saa, safari ya nusu saa ni 0.5, na kuijumlisha na kilomita 36 kunaifanya `h` immeze mwenzake; programu itakimbilia sehemu iliyo karibu na lengo hata kama barabara yake ni mbovu. Kama `g` iko kwa sekunde, nusu saa ni 1,800, na 36 karibu haionekani kabisa. Hapo jibu litakuwa sahihi, lakini utafutaji utasambaa pande zote kama algorithimu ya Dijkstra, ambayo haina `h`. Kosa lile lile la kusahau kugawanya, mara moja linaharibu jibu, mara nyingine linaharibu kasi tu, na ndiyo maana ni gumu kuligundua.

Dhana: makisio yakikaribia hali halisi ya barabara, ni bora zaidi.

Hii inavutia kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. `h` kubwa huongoza vizuri kuliko `h` ndogo, mradi isizidi muda halisi uliobaki. Watu husema: "Barabara zetu msimu wa mvua hazipitiki kwa kilomita 80 kwa saa, tugawanye kwa wastani, tuweke 30." Tuifuate hesabu hiyo hadi mwisho. Namba nimezizungusha, na mwendo ni wa mfano.

Njia ya pwani: Tanga hadi Kigombe dakika 60, Kigombe hadi Pangani dakika 40, jumla 100. Njia ya bara: Tanga hadi Muheza kwa lami dakika 30, Muheza hadi Pangani dakika 60, jumla 90. Ya bara ni ndefu kwa kilomita, ila ndiyo ya haraka. Kwa mstari ulionyooka, tuchukue Kigombe iko kilomita 16 kutoka Pangani, na Muheza kilomita 36.

Kwanza tugawanye kwa 80, mwendo wa juu kwenye ramani yetu. Kigombe inapata 60 + 12 = 72. Muheza inapata 30 + 27 = 57, kwa hiyo inafunguliwa kwanza, na Pangani inaingia kwenye foleni ikiwa na 90. Programu haisimami hapo, maana Kigombe ina 72 na huenda ikaleta njia bora. Inafunguliwa, inaleta Pangani kwa dakika 100, na hiyo inaachwa. Sasa Pangani inatoka kwenye foleni ikiwa na 90. Jibu ni sahihi.

Sasa tugawanye kwa 30. Kigombe inapata 60 + 32 = 92. Muheza inapata 30 + 72 = 102. Kigombe inafunguliwa kwanza na kuleta Pangani kwa 100. Kwenye foleni imebaki Muheza yenye 102, hivyo Pangani inatoka na safari inatangazwa kuwa ya dakika 100. Muheza haikufunguliwa kabisa. Tuliikisia dakika 72 wakati ukweli ni 60, na kosa hilo moja likaificha njia ya haraka.

Dereva hatapata onyo lolote. Njia aliyopewa inapitika, na kwenye kioo inaonekana ya kawaida. Namna ya kubaini ni kuendesha utafutaji uleule ukiwa na `h = 0` kwa safari nyingi, kisha kulinganisha muda. Kama A* imetoa muda mrefu zaidi hata mara moja, `h` imezidi mahali fulani. Mara nyingi chanzo ni kipande cha barabara chenye mwendo mkubwa kuliko ule uliougawanyia, kwa hiyo ni vyema mwendo wa juu usomwe kwenye data yenyewe kuliko kuuandika kwa mkono. Wapo wanaokubali kwa makusudi `h` iliyozidi ili jibu lije upesi, na hilo si kosa, alimradi wasiahidi njia ya haraka kuliko zote.

Dhana: mstari huongoza vizuri popote.

Pangani na Bweni zinatazamana, mto umepita katikati. Chukua safari ya kutoka Pangani hadi Bweni kwenye ramani ambayo haimruhusu mtu kuvuka hapo. Mstari unasema lengo liko chini ya kilomita moja, ilhali njia iliyobaki ni ya kuzunguka bara hadi kwenye daraja la barabara kuu. A* itafungua mitaa yote ya Pangani kwanza, kwa sababu kila mtaa unaonekana kuwa karibu sana na lengo, kisha itasambaa polepole kuelekea bara. Jibu litakuwa sahihi, kwa kuwa `h` haikuzidi. Ila kazi itakuwa karibu sawa na ya Dijkstra, na kuutengeneza mstari upya hakutasaidia. Hapo unahitaji makisio ya aina nyingine, kwa mfano muda uliokwisha kuhesabiwa barabarani kutoka na kwenda sehemu chache maalumu za ramani.